Nyimbo za kuvuta mashua na kupiga sakafu: wimbo unaendeshaje kazi, na malalamiko yanaingilia wapi?

MwalimuKadzo (Malindi)

Salamu wana jukwaa. Nina kikundi cha wanafunzi 24 wa sekondari tunaoandaa igizo la nyimbo za kazi za Lamu. Tumechagua kazi mbili, kuvuta mashua kutoka majini na kupiga sakafu ya chokaa. Sauti zao ni nzuri, lakini ukiwatazama unaona wanaimba huku mikono inafanya jambo lingine. Kamba inavutwa muda wote, na vipande vya kupigia sakafu vinapigwa kama ngoma ya harusi.

Nauliza mawili. Kwanza, wimbo hasa unaamrisha mwili wakati gani: kwenye mstari wa mwimbishaji au kwenye kiitikio? Pili, kila mtu husema nyimbo hizi zilibeba malalamiko ya wafanyakazi. Yalibebwa vipi, ilhali tajiri amesimama papo hapo anasikia?

BintiTaarabu

Mwalimu, kwa malalamiko usihangaike, chukua taarabu. Taarabu ina mafumbo ya kila aina, mpiga kinanda mmoja anatosha, na wanafunzi wataipenda. Mtu anasemwa mbele ya watu na hana pa kushika.

Gadi_na_Kamba (Lamu)

Dada, mafumbo ya taarabu ni kweli, ila taarabu husikilizwa na watu waliokaa. Mwalimu anauliza wimbo ambao ukikosewa mashua inarudi nyuma na kumponda mtu mguu.

Mwalimu, nianze na mashua. Katika kuvuta kamba, mwimbishaji anapoimba, wavutaji hawavuti. Wanapumzika, wanasogeza mikono mbele kwenye kamba, wanatafuta pa kukanyaga. Kiitikio ndicho kinachovuta, tena si kiitikio chote bali silabi moja ndani yake. Wanafunzi wako wanavuta muda wote kwa sababu wanadhani wimbo ni wa kupambia kazi.

Fanya hesabu uone kwa nini. Chukua mashua ya tani 3 kwenye ufuo wenye mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 10, chini ya mkuku kuna magogo juu ya mbao. Ikishaanza kutembea, inahitaji mvuto wa kama kilo 600: nusu ni mwinuko, nusu ni msuguano. Lakini kuing'oa pale ilipokaa ni kazi nyingine, maana mkuku umezama kidogo mchangani na magogo yamelala. Hapo hesabu yaweza kufika mara mbili, kilo 1,200.

Mtu mzima akivuta mfululizo hutoa kama kilo 30. Akivuta kwa mshtuko mmoja, mwili mzima ukiegemea nyuma, anaweza kufika 60. Kwa hiyo watu 20 wakivuta mfululizo wana kilo 600, na mashua haitikisiki hata wakeshe. Watu haohao 20 wakishtua pamoja wana 1,200, inang'oka. Nusu yao wakichelewa kwa nusu sekunde tu, kila kundi lina 600 na wamerudi palepale, isipokuwa sasa wamechoka. Kazi ya wimbo ni kuifuta hiyo nusu sekunde.

Hii hapa ni mistari niliyoipanga mwenyewe kuonyesha umbo, si wimbo wa mtu:

*Nahodha yuko wapi?*
— Heee-YA!
*Yuko yuu ya dari*
— Heee-YA!
*Yeye ala kwa samli*
— Heee-YA!
*Sisi mayi ya bahari*
— Heee-YA!

"Heee" ni ya kujaza kifua na kukaza kamba mpaka ulegevu wake uishe. "YA" ndiyo mvuto. Baada ya "YA" mtu akiendelea kuvuta anapoteza nguvu bure, kwa sababu wenzake wameshaachia. Duru nzima, mstari na kiitikio, huchukua sekunde 6 hadi 8.

Kijana_wa_Langoni

Kama shida ni kwenda pamoja, si mpige ngoma tu? Kila kazi ya pwani ilikuwa na ngoma. Ngoma ndiyo inayoweka mwendo, maneno ni ya burudani.

Gadi_na_Kamba

Kaka, nusu umepata. Kwenye kazi ya mwendo sawa, kama kutwanga au kupiga sakafu, ngoma inafaa. Kwenye kamba haifai, kwa sababu mbili. Ngoma inapiga sawasawa tu, haijui kusubiri. Gogo la nyuma linapotoka chini ya mkuku lazima mtu alikimbize mbele, na muda wa kulikimbiza haulingani kila mara. Mwimbishaji anaona gogo halijafika, anaurefusha mstari wake, anaongeza maneno mawili matatu, na watu 20 wanasubiri bila kuambiwa "subirini". Sababu ya pili ni kwamba mvutaji anayeitikia analazimika kutoa pumzi wakati uleule wa kuvuta. Ngoma haimtoi mtu pumzi.

Ndiyo maana mwimbishaji hashiki kamba. Anasimama ubavuni, karibu na omo, yaani mbele ya chombo, mahali anapowaona wavutaji kwa jicho moja na mwenye kabari kwa jicho la pili. Mwenye kabari yuko nyuma ya mkuku, na kila baada ya "YA" anasukuma kabari ndani ili mashua isirudi. Walioshika ubavu kuizuia isilale wanategemea mstari uleule kuhamisha gadi, ile miti ya kuegemezea chombo. Watu wa aina nne, kila mmoja anasikia jambo lake katika wimbo mmoja.

Makosa ya kuangalia ni haya. Mwimbishaji akipata raha akaongeza kasi, wavutaji wanaanza kunyakua kamba kwa mikono badala ya kuegemea kwa mwili. Utaona migongo imesimama wima. Akirefusha mstari kupita kiasi, kamba inalegea na mvuto unaofuata unaishia kukaza kamba tu. Na akipokezana na mwingine katikati bila kuonyana, mvuto mmoja unapotea. Hapo ndipo kabari ikichelewa mashua inarudi.

MwalimuKadzo

Bwana Gadi, ahsante sana. Basi tulikuwa tumegeuza: wanavuta kwenye mstari na wanapumzika kwenye kiitikio. Na kupandisha foromali, ule mti unaobeba tanga, nako ni hivyohivyo?

Gadi_na_Kamba

Si sawasawa. Kupandisha foromali kamba inapita kwenye kapi, mizigo inashuka uzito, na ukishaanza huachii mpaka tanga lifike juu. Mivuto ni mifupi na ya karibu karibu, mkono juu ya mkono, kwa hiyo mstari wa mwimbishaji unafupishwa mpaka unabaki maneno mawili. Hakuna nafasi ya kusema mengi. Ukitaka malalamiko, usiyatafute hapo.

FundiChokaa (Lamu)

Hapo ndipo nami niingie, maana malalamiko yalikuwa na kwao, na kwao ni sakafuni.

Mwalimu, nyumba za mawe za Lamu zina vyumba vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazivuki upana mkubwa, mita 2.5 hadi 3 basi. Juu ya boriti hupangwa mawe bapa ya tumbawe, juu yake humwagwa kokoto na chokaa. Kisha sakafu hupigwa kwa vipande vya mti. Hupigwa ili chokaa ishuke, ijaze mianya yote, na nyufa zinazotokea inapokauka zifungwe kabla hazijakomaa. Wapigaji wengi walikuwa wanawake, na masimulizi ya pwani hii mpaka Unguja yanataja siku 3 za kupiga kwa dari moja.

Sasa tazama wimbo unavyogawa kazi. Chukua chumba cha mita 2.5 kwa 6. Safu ya wapigaji 4 inajaza upana, kila mmoja na sentimita 60 zake. Wanapiga kama pigo moja kwa sekunde. Ubeti ukiwa wa mapigo 20, wanapiga mahali pamoja ubeti mzima, na kwenye kiitikio cha mwisho safu nzima inajongea nusu hatua, sentimita 15 hivi. Mita 6 ni nusu hatua 40. Kwa hiyo duru moja ya chumba ni beti 40, dakika 13 au 14. Hakuna anayehitaji kupima wala kuweka alama. Wimbo ndio unaohakikisha hakuna mahali palipopigwa mara mbili na pengine pakarukwa.

Huku pigo ni la mfululizo, mwimbishaji na waitikiaji wote wanapiga. Ndugu yangu wa Langoni hapo juu ngoma yake inafaa huku.

Ukiona kasi imepanda, tazama vipande: vinainuliwa chini chini, vinadunda. Ngozi ya juu inashiba na kung'aa lakini chini bado kokoto zimekaa ovyo. Ukigonga kwa chuma inajibu sauti ya tupu. Sakafu iliyopigwa vizuri mlio wake hubadilika siku ya mwisho, kutoka mlio mzito wa udongo hadi mlio mkavu wa jiwe, na utelezi wa chokaa unapanda juu wenyewe. Ile ya haraka inavuja mvua ya kwanza ya masika, na maji yakishaingia kwenye boriti huna nyumba tena, una hesabu ya mchwa.

Sasa njoo kwenye swali lako la pili. Duru moja ni beti 40, na siku ina duru nyingi. Hakuna mwimbishaji mwenye beti za kutosha siku 3. Asubuhi anaanza kwa Mtume na dua, anapita kwenye beti wanazozijua wote, adhuhuri zimekwisha. Hapo anaanza kutunga kutokana na anachokiona mbele yake, na anachokiona ni mwenye nyumba, chakula kilichochelewa, jua, na mwenzake aliyechoka. Mfano wa kutunga:

*Chokaa imeshiba mayi*
*mpiji sakafu ana ndaa*

Hakutukana mtu. Ametaja hali ya chokaa na hali ya mpigaji. Mwenye nyumba akikasirika, amekasirikia nini?

Kijana_wa_Langoni

Hapo nimekupata, Fundi. Kwa hiyo kila wimbo wa kazi ulikuwa wimbo wa upinzani uliojificha.

FundiChokaa

Hapana, usiende mbali hivyo. Nyingi ni za dua, za mapenzi, za kuchekana wenyewe kwa wenyewe, za kutaja pepo za kusi na kaskazi. Mzee akiimba kwamba bahari ni kali, mara nyingi anamaanisha bahari ni kali. Ukisoma upinzani kila mahali utaupoteza pale ulipo kweli.

Namna ya kuutambua: sikiliza kama mwendo ulibadilika. Ubeti wa njaa ukiimbwa na mapigo yakabaki 20, huo ni utani tu. Ubeti wa njaa ukiimbwa na mwimbishaji akaanza kuvuta silabi, mapigo yakawa 30 kwa ubeti na safu inajongea nusu hatua ileile, hapo kuna jambo. Dakika 13 zimekuwa 20. Hakuna aliyesimama, hakuna aliyeweka kipande chini, wote wanaimba vizuri kuliko asubuhi. Lakini chokaa ya chumba cha pili imeshachanganywa na jua linaikausha. Chokaa haingoji mtu. Ikikauka kabla ya kupigwa inapasuka na kurudiwa yote.

Gadi_na_Kamba

Kwenye mashua ni hivyo, isipokuwa mahali pa chokaa weka maji. Chombo kikubwa hupandishwa wakati wa bamvua, maji yakiwa juu kabisa, ili safari ya kuvuta iwe fupi. Una saa chache kabla maji hayajapwa. Ukikwama katikati, chombo kimelala nusu ufuoni, na bamvua nyingine ni baada ya wiki 2. Kwa hiyo ubeti wa kudai haki hauimbwi mwanzoni. Unaimbwa mashua ikiwa nusu njia, kabari imeshikilia, na mwenye chombo anatazama maji.

Na wavutaji nao wana lao, hawamtegemei mwimbishaji peke yake. Akiimba mstari wasioutaka, kwa mfano wa kumsifu mtu aliyewapunja, wanaitikia "Heee" na kuiacha "YA" isifike. Mashua haiendi. Anarudia. Mara ya pili akibadilisha mstari, inakwenda. Mtu aliyesimama nje anadhani walikuwa wanajipanga.

Kaya7 (Kaloleni)

Nimekuwa nikisoma kimya. Nasita kidogo na picha hii. Mnaionyesha kama mfanyakazi ana nguvu kwa sababu ya wimbo. Kumbukeni waliopiga sakafu na kulima mashamba ya mtama na ufuta huku Malindi karne ya 19 wengi wao walikuwa watumwa. Malindi Krapf aliikuta magofu 1845. Ilipofufuka miaka ya 1860 ilifufuliwa na jembe la mtumwa, na utumwa haukuondolewa kisheria pwani ya Kenya mpaka 1907. Mtu wa namna hiyo akivuta silabi, msimamizi ana fimbo. Mimi naona bwana aliruhusu beti za njaa kwa makusudi: watu waseme, wacheke, watoe moyoni, kazi iendelee. Sahani ya wali inayofuata ubeti ni ya bei rahisi kuliko kukimbiwa, na waliokimbia walikuwapo, watoro walikuwa na vijiji vyao bara huku nyuma yetu.

Kwa upinzani wenyewe, Mwalimu, una mfano wa kwenu jirani. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alizunguka vijiji vya Wagiriama akikusanya watu kwa kifudu. Kifudu ni ngoma ya matanga, kwa hiyo watu wengi kukusanyika wakiimba halikuwa jambo la kuulizwa. Waingereza walikuwa wanataka kodi ya nyumba na vijana wa kwenda kufanya kazi mashambani na kwingineko. Wakatoka kwenye kifudu wakaenda Kaya Fungo, msitu wao mtakatifu, kula viapo, wanawake chao na wanaume chao, kwamba hawatoi vijana. Akakamatwa Oktoba mwaka huo na kupelekwa Kisii pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakatoroka Januari 1914 kurudi kwao. Agosti 1914 serikali ikailipua Kaya Fungo kwa baruti. Hapo wimbo haukuomba wali.

FundiChokaa

Kaya7, hoja yako ya fimbo ni nzito na sina la kuipinga yote. Ila hebu tazama hapa. Kama beti zilikuwa za kutoa moyoni tu, zingeimbwa wakati wowote. Kwa nini zinangoja chokaa iwe imechanganywa? Na fimbo haisaidii pigo. Ukimchapa mpigaji atapiga haraka, na nimeshaeleza sakafu ya haraka inakuwaje. Mwenye nyumba mwenye akili alilijua hilo.

Kaya7

Mwenye akili, ndiyo. Wengine walijenga nyumba zikavuja na wakachapa tena. Hatuwezi kupima nguvu ya wimbo kwa wale mabwana waliokuwa na subira.

BintiTaarabu

Jamani, sasa nimeelewa swali, samahani Mwalimu. Lakini nina langu. Kama nguvu ilikuwa kwenye mwendo wa kazi, imekuwaje mashairi ya siasa ya Lamu ya miaka ya 1970, yale yaliyozunguka kwa kanda za kaseti wakati wa uchaguzi, yaliwauma watu hivyo? Hakukuwa na kamba wala kipande. Watu walijifungia ndani na redio-kaseti wakasikiliza.

Gadi_na_Kamba

Swali zuri, dada, na ndipo tofauti inapoonekana. Kaseti inakwenda mbali na inakumbukwa neno kwa neno, kwa hiyo mtunzi anapima kila silabi, na mpinzani anajibu kwa vina vilevile. Nguvu yake ni aibu na hoja mbele ya mji mzima. Ubeti wa kamba hauna haja ya kukumbukwa kesho. Ukishapata unachotaka, mashua imepanda, unasahaulika. Ndiyo maana ni vigumu kuukuta umeandikwa, na ukiukuta umeandikwa mara nyingi ni kiitikio tu, kwa sababu hicho hakibadiliki.

Kati ya hizo mbili kuna vave ya Wabajuni. Ile huimbwa usiku wa kuamkia kuchoma shamba lililokatwa miti. Mwanzishi anaimba, wengine wanaitikia, mpaka alfajiri, ndipo moto uwashwe. Hapo wimbo hauendeshi mkono wa mtu, lakini unawaweka wakulima wote macho na pamoja mpaka saa ya moto, ili mashamba yachomwe kwa siku moja na moto usimkute mtu peke yake. Na ndani yake taabu yote ya mkulima inasemwa, nguruwe, ndege, jua, msitu.

MwalimuKadzo

Nawashukuru sana nyote. Bwana Kaya7, kifudu sitakiweka jukwaani pamoja na nyimbo za kazi. Nimeona si jamii moja, na ni ngoma ya msiba ya watu.

Sasa nataka kurekebisha igizo. Kamba tuifunge kwenye nini? Tumekuwa tukivuta wanafunzi wengine upande wa pili, wanajifanya mashua.

Kaya7

Kuhusu kifudu, umeamua vizuri, ila wapo wazee watakaokuambia kuwa kuiacha ndiko kuisahau. Waulize wa kwenu kabla hujafunga mlango.

Gadi_na_Kamba

Mwalimu, watu wanaojifanya mashua watawaharibia, kwa sababu wanaachia wakisikia "YA". Tafuteni mbao pana imara, pakieni magunia 10 ya mchanga ya kilo 50, mburute kwenye nyasi za uwanja wa shule. Hiyo ni kilo 500, na kwenye nyasi msuguano utahitaji mvuto wa karibu nusu yake, kama kilo 250. Wekeni wanafunzi 10 tu kwenye kamba. Wakivuta mfululizo, kila mmoja kilo 20, wana 200, haitoki. Wakishtua pamoja wanaipita 250 bila taabu. Hawatahitaji kuambiwa tena wavute wapi, mzigo utawaambia.

Anzeni na magunia 6 mpaka wajue kuegemea kwa mwili, kisha ongezeni mawili mawili. Wavue viatu vyenye soli ya kuteleza. Kamba wasiizungushe mkononi hata kidogo, ikikatika au mzigo ukirudi inaondoka na vidole. Mweke mwanafunzi mmoja wa gogo anayekimbia kutoka nyuma kwenda mbele hata kama magogo ni ya kuigiza, na mwambie mwimbishaji haruhusiwi kuanza kiitikio mpaka yule wa gogo anyooshe mkono. Siku ya kwanza mstari utarefuka ovyo. Siku ya tatu ataanza kutunga maneno ya kujaza, na huenda ya kwanza yakawa juu yako Mwalimu na chakula cha mchana.

FundiChokaa

Na kwa sakafu, msipige ubao wa jukwaa. Mwageni kokoto ndogo na udongo mbichi kwenye fremu ya mita 2 kwa 3, unene wa shubiri, mpige hapo mazoezini. Safu ya watu 3, mapigo 20, nusu hatua. Mkimaliza duru, pimeni kwa kijiti pembe zote na katikati. Mahali kijiti kinapozama zaidi ndipo mpigaji wa hapo anapochelewa pigo, au anawahi kujongea kabla kiitikio hakijaisha. Kwa kawaida ni wa ukutani, kwa sababu hana mwenzake upande mmoja wa kumsikia. Mpe nafasi hiyo mwenye sikio zuri kuliko wote, na mwimbishaji akae katikati ya safu.

MwalimuKadzo

Fundi, chokaa nimeipata ya gunia dukani, ile ya kupaka ukuta. Niitumie kwenye fremu badala ya udongo?

FundiChokaa

Kwa mazoezi usiitumie, inaunguza macho na ngozi, na watoto watakuwa wanarusha matone kila pigo. Udongo wa mfinyanzi wenye unyevu kidogo unatosha: ukiukamata uwe donge bila kutoa maji. Ukiwa majimaji utashikana na vipande na kuwavunjia mwendo.